Uzi: Picha 312 za Mwanza zina vichwa na maelezo, Google inaleta 3 tu. Wapi pamekosewa?

#1 Jabali_Capri (mleta mada)
Mwangaluka wakuu. Nina tovuti ya kazi zangu za picha, inatumia WordPress. Picha ni 312: ziwa, mialo, Jiwe la Bismarck, kivuko cha Kamanga, Bujora. Kabla ya kupakia nilikaa kwenye Lightroom nikajaza `Title` na `Caption` kwa kila picha, na maneno ya utafutaji 40 kila moja. Sasa ni mwezi wa nne tangu nizipakie. Nikiandika `site:` na jina la tovuti yangu kwenye Google upande wa picha, zinakuja tatu tu. Na kwenye galari yenyewe maelezo hayaonekani. Je, Google haielewi Kiswahili, au kuna hatua nimeiruka?

#2 Lensi_Kirumba
Mkuu, 40 ni chache. Jaza hadi 50, changanya Kiswahili na Kiingereza, weka na majina ya miji jirani: Bukoba, Musoma, Geita. Maneno mengi ndiyo yanayoivuta picha juu. Mimi picha zangu ninazouza kwenye mawakala wa mtandaoni hupatikana kwa njia hiyo hiyo.

#3 Fundi_Seva
Lensi, kwa wakala uko sahihi, kwa Google hapana. Wakala anaposoma faili lako anachukua yale maneno na kuyaweka kwenye injini yake ya utafutaji, ndiyo maana kwake yana nguvu. Google inasoma ukurasa. Inaangalia maandishi yaliyo karibu na picha, kichwa cha ukurasa, jina la faili na `alt`. Ndani ya faili, ilichosema wazi kwamba inakichukua ni jina la mpigapicha, mstari wa sifa, hakimiliki na taarifa za leseni, na hayo ni ya kuonyesha kando ya picha. Ukiweka Bukoba kwenye picha ya Kirumba, anayetafuta Bukoba hatakupata, na kwa wakala picha inaweza kukataliwa.

Mleta mada, naona umejaza mahali pamoja ukitegemea matokeo yatokee mahali pengine. Kilichomo ndani ya JPEG ni kitu kimoja, kilichoandikwa kwenye ukurasa ni kingine. Kati yake kuna daraja, na daraja hilo linaweza kukatika sehemu mbili: unapotoa picha Lightroom, na WordPress inapoipokea. Fungua dirisha la `Export`, shuka hadi `Metadata`, utuambie pameandikwa nini.

#4 Mama_Studio_Igoma
Hili la maelezo kupotea linanihusu pia. Nikimtumia mteja picha za harusi WhatsApp, akizifungua kwenye kompyuta hazina jina langu wala tarehe. Nafikiri simu yake ndiyo mbovu.

#5 Fundi_Seva
Simu yake ni nzima, mama. WhatsApp ikituma kama picha inaibana upya na kuvua taarifa zote za ndani. Tuma kama `Document`, faili litafika kama lilivyo. Ila mleta mada anauliza kuhusu tovuti.

#6 Jabali_Capri
Nimefungua. Kwenye `Include` pameandikwa `Copyright Only`. Sikuwahi kupagusa.

#7 Fundi_Seva
Basi daraja la kwanza limekatika hapo. Kwa chaguo hilo faili linatoka na hakimiliki peke yake. Kichwa, maelezo na maneno yako 40 yamebaki kwenye katalogi ya Lightroom nyumbani kwako. Chagua `All Except Camera Raw Info`. Chini yake kuna kiboksi cha `Remove Location Info`. Kumbuka kwamba kikiwa na tiki kinaondoa vipimo vya GPS pamoja na majina ya mahali uliyoyaandika kwa mkono, yaani mji na nchi.

Usiamini dirisha, pima faili. Toa picha moja, kisha andika:

```
exiftool -a -G1 -s -Title -ObjectName -Headline -Description -Caption-Abstract -ImageDescription picha.jpg
```

Kila mstari utakaorudi una jina la kundi mwanzoni. Ukiona `XMP-dc` na `IPTC` zote zina maneno yako, faili ni zima. Kisha pakia hiyo picha, ishushe tena kutoka kwenye tovuti yako, uipime kwa amri hiyo hiyo. Shusha ile ndogo inayoonekana kwenye galari pamoja na ile kubwa ya asili. Seva ikipunguza picha kwa maktaba ya GD, nakala ndogo zinatoka tupu. Ikitumia Imagick, taarifa hubaki.

#8 Mhariri_wa_Mwaloni
Fundi kasema vizuri kuhusu bomba, ila hakuna aliyeuliza maji yenyewe. Jabali, hebu bandika hapa kichwa na maelezo ya picha tatu tofauti, kama ulivyoandika.

#9 Jabali_Capri
Picha zote nilitumia `Title`: "Ziwa Victoria, Mwanza". `Caption`: "Uzuri wa Kanda ya Ziwa". Nilichagua zote nikabandika mara moja. Majina ya faili ni ya kamera, DSC_0417.jpg na kuendelea.

#10 Lensi_Kirumba
Aisee, picha 312 jina moja! Hata darasani akina Juma wakiwa wawili mwalimu huongeza jina la baba.

#11 Mhariri_wa_Mwaloni
Hapo ndipo kwenye kazi halisi. Hata daraja la Fundi likiwa zima, kitakachovuka ni sentensi moja mara 312. Anayetafuta "wanawake wakianika dagaa Igombe" hawezi kuifikia picha inayoitwa Uzuri wa Kanda ya Ziwa, kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine yoyote.

Tuchukue moja. Umesema una picha za mialo. Niambie moja ina nini, tuiandike hapa.

#12 Jabali_Capri
DSC_0417. Wanawake watatu, Igombe, asubuhi, wanageuza dagaa kwenye vichanja vya neti. Nyuma yao kuna ngalawa mbili na ziwa. Nilipiga Agosti mwaka jana.

#13 Mhariri_wa_Mwaloni
Vizuri. Anza na jina la faili, kabla ya kupakia, kwa sababu WordPress hailibadilishi baadaye. Herufi ndogo, vistari vya kati, usitumie mstari wa chini: `wanawake-wakianika-dagaa-igombe-mwanza-0417.jpg`. Ile namba ya kamera iache mwishoni ili uweze kurudi kwenye faili ghafi.

Kichwa kiwe kifupi na kitaje kitu na mahali: "Wanawake wakianika dagaa, Igombe". Usianze na Mwanza kwenye kila kichwa, maana kwenye orodha ya picha 312 jicho linaona Mwanza Mwanza Mwanza na maneno yanayotofautisha yanakatwa mwishoni.

Maelezo yabebe kile ambacho picha haiwezi kusema yenyewe: "Wanawake watatu wanageuza dagaa kwenye vichanja vya neti katika mwalo wa Igombe, wilaya ya Ilemela, Mwanza, Agosti 2024. Dagaa wa juu ya kichanja hawagusi mchanga, na upepo unapita chini yao." Sentensi ya kwanza: nani, anafanya nini, wapi, lini, kwa wakati uliopo. Ya pili: jambo moja ambalo mtazamaji asingelijua. Inatosha. Mwaka usahihishe kama nimekosea.

Maandishi ya `alt` ni kazi nyingine kabisa. Yanasomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, na ndiyo yanayobaki picha isipofunguka kwa sababu ya mtandao. Hapo unaeleza kinachoonekana tu: "Wanawake watatu wameinama juu ya vichanja vya neti vilivyojaa dagaa, nyuma yao vyombo viwili vya uvuvi ufukweni." Asiyeona atasomewa `alt` na maelezo kwa kufuatana, kwa hiyo ukinakili maelezo kwenye `alt` atasikia kitu kilekile mara mbili. Kwenye ukurasa itakuwa hivi:

```
<figure>
  <img src="wanawake-wakianika-dagaa-igombe-mwanza-0417.jpg"
       alt="Wanawake watatu wameinama juu ya vichanja vya neti vilivyojaa dagaa, nyuma yao vyombo viwili vya uvuvi ufukweni.">
  <figcaption>Wanawake watatu wanageuza dagaa...</figcaption>
</figure>
```

#14 Binti_Nansio
Mhariri umefanya vizuri kukwepa lile neno. Jabali, ziwani kwetu hakuna ngalawa. Ngalawa ni ya pwani, ile yenye mbao mbili za ubavuni za kuizuia isipinduke. Chombo cha Igombe ni mtumbwi, na kile kikubwa cha mbao chenye mashine watu huita boti. Ukiandika ngalawa, mvuvi wa Ukerewe ataona hujafika mwaloni, na anayetafuta ngalawa za Pangani ataletewa picha ya ziwani.

Na kama una picha za usiku za karabai, angalia tarehe kabla ya kuandika. Nimeona mahali pameandikwa "wavuvi wa dagaa chini ya mbalamwezi". Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti dagaa maji yote yakiwa na mwanga. Kazi ni kipindi cha giza. Mwezi uliopo kwenye picha utakuwa mwembamba, au picha imeunganishwa.

#15 Jabali_Capri
Nimekuelewa dada. Ni mtumbwi. Na mwaka ni 2024 kweli.

#16 Lensi_Kirumba
Sawa, nakubali kuhusu Google. Lakini picha 312, kila moja sentensi mbili na `alt`, ni wiki nzima. Mimi nashauri aandike kwa makundi: zote za Igombe maelezo mamoja, zote za Bujora maelezo mamoja.

#17 Mhariri_wa_Mwaloni
Nusu ya hilo nalikubali. Mahali, wilaya, tarehe na jina la mpigapicha viweke kwa kundi. Kitendo lazima kiandikwe kwa kila picha. Chukua Bujora siku ya Bulabo: kuna Bagika, kuna Bagalu, kuna wachezaji wa nyoka. Ukiwapa wote "ngoma ya Kisukuma", umefuta kitu ambacho mtafiti, au mtoto wa mchezaji mwenyewe, angekitafuta kwa jina. Kama hujui ni kundi gani, andika unachokiona na uache jina hadi umuulize mwenyeji.

Kama picha nane zinafanana kiasi kwamba huwezi kuziandikia maneno tofauti, hiyo ni dalili kwamba galari inahitaji mbili.

#18 Fundi_Seva
Kwa wingi, tumia jedwali. Safu ya kwanza iitwe `SourceFile`, zinazofuata `XMP-dc:Title` na `XMP-dc:Description`, uhifadhi kama CSV ya UTF-8, kisha:

```
exiftool -csv=orodha.csv picha/
```

Njia ya faili kwenye safu ya kwanza lazima ilingane na unavyoita folda, mfano `picha/wanawake-wakianika-dagaa-igombe-mwanza-0417.jpg`. Ikikosea herufi moja, hiyo picha inarukwa. Mwishoni soma idadi ya mafaili yaliyobadilishwa. Ukiona 309 badala ya 312, tafuta matatu yaliyorukwa. Nakala za zamani zinabaki na mkia `_original`, usizifute hadi uhakikishe.

#19 Herufi_Ndogo
Fundi, umeandika XMP peke yake. WordPress ikipokea picha inasoma IPTC ya zamani na EXIF, kwa hiyo jedwali hilo halitaonekana kwenye maktaba yake. Ongeza safu za `IPTC:ObjectName` na `IPTC:Caption-Abstract`. Na inaanza kutazama `Headline`. Ikikuta kitu humo inakichukua kuwa kichwa na kuiacha `Title`. Mtu akijaza `Headline` kwa jina la studio, picha zote zinapata kichwa cha studio.

Pia kuna jambo la ng'. Simu na programu za kuandikia hugeuza kile kialama kuwa cha kupinda, ’ badala ya '. Kwenye IPTC ya zamani, kama faili halijatangaza kuwa ni UTF-8, kile cha kupinda hutokea kama `â€™`, na ng'ombe wako anasomeka `ngâ€™ombe`. Ongeza hii kwenye amri:

```
-codedcharacterset=utf8
```

Na kwenye jedwali badilisha zote ziwe alama iliyonyooka. Kwenye jina la faili usiweke kabisa, andika `ngombe`. Kwetu hili lina uzito kuliko kwingine, Kisukuma kimejaa ng'w.

#20 Fundi_Seva
Kweli kabisa, nilisahau IPTC. Asante.

#21 Mama_Studio_Igoma
Mbona picha zangu za kamera ndogo, chini ya kila moja kwenye tovuti panatokea jina la kamera? Sikuandika mimi.

#22 Herufi_Ndogo
Kamera nyingine huandika jina lake kwenye `ImageDescription`, na WordPress ikikosa maelezo yako inalichukua hilo. Lifute kabla ya kupakia: `exiftool -ImageDescription= picha.jpg`. Kwa zilizokwishapanda, futa kwa mkono kwenye maktaba ya picha.

#23 Jabali_Capri
Ripoti. Nimetoa picha 10 za Igombe upya, nimezipima, XMP na IPTC zina maneno. Nimepakia. Kwenye maktaba ya WordPress kichwa na maelezo vimeingia vyenyewe. `Alt` imebaki tupu ingawa niliijaza Lightroom, nimeiandika tena kwa mkono. Lakini kwenye galari yenyewe maelezo bado hayaonekani hadi mtu abofye picha.

#24 Kioo_Kikubwa
Nimekuwa nikisoma kimya. Nadhani wote mnatibu ugonjwa mwingine. Jabali, fungua galari, bonyeza `Ctrl+U`, tafuta `<img`. Unapata ngapi?

#25 Jabali_Capri
Tatu. Nembo, picha yangu mwenyewe, na ya juu ya ukurasa.

#26 Kioo_Kikubwa
Na Google inakuletea picha ngapi? Tatu. Tafuta sasa `background-image`.

#27 Jabali_Capri
Zipo nyingi sana. Zote za galari.

#28 Kioo_Kikubwa
Themu yako inachora picha kama pazia la nyuma la visanduku. Google imesema wazi kwamba picha zilizowekwa kwa CSS haiziorodheshi. Hazina `alt`, kwa sababu `alt` ni mali ya `<img>`. Na maelezo yanaletwa mtu akibofya, wakati Google haibofyi. Hata ukiandika maelezo mazuri kama ya Mhariri mara 312, kwa galari hiyo hayana pa kukaa. Badilisha aina ya galari kwanza.

#29 Fundi_Seva
Hoja nzito, ila `Ctrl+U` inaonyesha ukurasa kabla JavaScript haijafanya kazi. Google huchora ukurasa kwanza. Huenda `<img>` zinaingia baadaye. Atumie `Inspect`, au kipimo cha ukurasa ndani ya Search Console, aone kilichochorwa.

#30 Kioo_Kikubwa
Apime. Lakini `background-image` ipo tayari kwenye msimbo wa mwanzo, sioni kwa nini themu ichore mara mbili.

#31 Mhariri_wa_Mwaloni
Na mimi nabaki na langu. Hata zikiwa `<img>` zote, ukurasa mmoja wenye picha 312 na kichwa "Kazi Zangu" haumwambii mtu kitu. Zigawe: ukurasa wa Igombe, wa Bujora, wa vivuko, kila mmoja na aya mbili juu. Hakuna anayetafuta kazi zako, wanatafuta Bulabo.

#32 Binti_Nansio
Swali la pembeni: daraja jipya mnaliandikaje? Rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli, watu wanasema Kigongo–Busisi, wengine Busisi tu.

#33 Mhariri_wa_Mwaloni
Kichwa kibebe jina wanalolitamka watu, maelezo yabebe la rasmi: "Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi". Majina yote mawili yanakaa ndani ya sentensi moja bila kulazimisha.

#34 Lensi_Kirumba
Mimi ningeanza na la rasmi kwenye kichwa. Wahariri wa magazeti wanatafuta la rasmi, na wao ndio wanaolipa.

#35 Binti_Nansio
Na Kiingereza? Watalii hawaandiki "machweo".

#36 Fundi_Seva
Usichanganye lugha mbili ndani ya `alt` moja, kisomaji cha sauti kitatamka Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili. Tengeneza ukurasa wa pili wa Kiingereza, picha zilezile, maelezo yake.

#37 Lensi_Kirumba
Kazi mara mbili tena. Mimi naweka Kiswahili kwenye kichwa, Kiingereza kwenye maelezo, na wateja wananipata.

#38 Jabali_Capri
Nimepima kwa `Inspect`. Kwenye visanduku vya galari hakuna `<img>`, ni `background-image` hata baada ya kuchorwa. Nimejenga ukurasa mpya wa Igombe peke yake kwa galari ya kawaida ya WordPress, picha 10, maelezo chini ya kila moja. Wiki mbili sasa: Google imeorodhesha 6. Nne hazipo, na maelezo yake hayana tofauti na ya zile sita. Hizo nne zote ni za wima. Kuna anayejua kama hilo lina uhusiano?

#39 Kioo_Kikubwa
Wima hakuna shida. Angalia ukubwa wa faili, na kama seva ilijibu Google ilipokuja kuzichukua.

#40 Mhariri_wa_Mwaloni
Au zinafanana na zile sita. Bandika maelezo ya zote kumi tuyasome.